Sakafu Kwanza, Kioo Baadaye: Sheria Inayoamua Ukuta wa Padeli ni wa Nani

Mtu anayeutazama mchezo wa padeli kwa mara ya kwanza hukwama mahali pamoja. Anaona mpira ukigonga kioo cha nyuma na wachezaji wanaendelea kucheza. Muda mfupi baadaye anaona mpira mwingine ukigonga kioo hichohicho, na safari hii mchezo unasimama, upande mmoja unapewa pointi. Kioo ni kimoja na mpira ni uleule. Kilichotofautiana ni mfuatano: mpira wa kwanza ulidunda sakafuni ndipo ukaenda kiooni, wa pili ulifika kiooni kabla haujagusa sakafu.

Wengi hujifunza kanuni hii kwa dakika moja kisha wakaiweka kando, wakidhani ni moja tu kati ya sheria nyingi. Kwa maoni yangu ndiyo sheria inayoubeba mchezo mzima. Ukiitafakari vizuri utaelewa kwa nini wapiga mipira ya nguvu hushindwa na wazee wenye subira, kwa nini sevisi hulengwa pale inapolengwa, na kwa nini uwanja uliojengwa vibaya hauharibu sura tu bali huharibu mchezo wenyewe. Uchambuzi huu unaifuata sheria hiyo kuanzia kwenye vipimo vya uwanja hadi kwenye mabishano ya wachezaji.

Sanduku la mita 20 kwa 10

Padeli ilianzia Acapulco, Meksiko, mwaka 1969, nyumbani kwa Enrique Corcuera. Alijenga uwanja mdogo kuliko wa tenisi na kuuzungushia kuta, na kuta hizo zikawa sehemu ya mchezo. Rafiki yake Alfonso de Hohenlohe aliupenda, na mwaka 1974 akaupeleka Marbella, Hispania. Kutoka hapo ulienea Hispania na Ajentina, nchi mbili ambazo hadi leo ndizo zinazotoa wachezaji wengi wakubwa. Shirikisho la Kimataifa la Padeli, FIP, liliundwa mwaka 1991. Katika miaka ya karibuni mchezo umeshika kasi Ghuba, ambako Doha imeandaa mashindano ya dunia mara mbili, 2021 na 2024, na Dubai mara moja, 2022. Viwanja vipo pia Nairobi na Dar es Salaam, na vinaongezeka.

Uwanja wenyewe una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Neti inaugawa katikati, ikiwa na kimo cha sentimita 88 katikati na kisichozidi sentimita 92 kwenye ncha. Mita 6.95 kutoka kwenye neti, kila upande, kuna mstari wa sevisi. Wachezaji ni wanne, wawili kila upande, na hesabu ya pointi ni ile ya tenisi: 15, 30, 40, gemu, seti.

Jambo la kuzingatia zaidi ni jinsi uwanja ulivyozungushiwa, kwa sababu ukuta wake si wa aina moja. Nyuma ya kila upande kuna ukuta wa mita 3, ambao siku hizi kwa kawaida ni kioo, na juu yake mita 1 ya waya, jumla mita 4. Pembeni, kioo hakiendi mbali. Katika muundo uliozoeleka kinaanza kwenye kona kikiwa na kimo cha mita 3 kwa umbali wa mita 2, kisha kinashuka hadi mita 2 kwa mita 2 nyingine, basi. Mita 12 zinazobaki katikati ya uwanja ni waya mtupu, na katikati ya waya huo, kwenye neti, ndipo ilipo milango.

Kwa hiyo mchezaji amezungukwa na vitu vitatu vyenye tabia tatu tofauti. Sakafu hurudisha mpira juu. Kioo huurudisha kwa usawa unaotabirika, kama ulivyokuja. Waya hauna adabu: mpira ukigonga fundo unaruka huku, ukigonga katikati ya tundu unakufa palepale. Sheria inavitambua vitu hivi vitatu kwa namna tatu tofauti, na tofauti hiyo imetokana na tabia zake.

Sheria yenyewe

Tuanze na upande wa mpinzani. Mpira unaoupiga kuvuka neti ni lazima udunde sakafuni kwao kabla haujagusa kitu kingine chochote upande huo. Ukigusa kioo chao kwanza, umepoteza pointi. Ukigusa waya wao kwanza, umepoteza pointi. Haijalishi uligusa kidogo kiasi gani wala kwamba baadaye ulianguka ndani ya uwanja.

Ukishadunda mara moja, mambo yanageuka. Mpira huo sasa unaweza kugonga kioo cha nyuma, kisha cha pembeni, au waya, au vyote kwa mfuatano wowote, na bado uko hai. Wapinzani wanaruhusiwa kuupiga wakati wowote kabla haujadunda sakafuni mara ya pili. Wanaweza pia kutousubiri kabisa, wakaupiga hewani kabla ya kudunda, isipokuwa sevisi, ambayo ni lazima iachwe idunde kwanza.

Sasa upande wako mwenyewe. Hapa ndipo wanaoanza hushangaa: unaruhusiwa kuupiga mpira ukagonga kioo chako, ukaruka kutoka hapo ukavuka neti na kudunda kwa wapinzani. Mchezaji aliyepitwa na mpira, akauwahi akiwa ameupa uso ukuta wake wa nyuma, hana njia nyingine, na sheria inampa njia hiyo. Lakini ruhusa hiyo ni ya kioo peke yake. Ukiupiga mpira ukagonga waya wa upande wako, au sakafu ya upande wako, pointi imekwenda. Na hata ukitumia kioo chako, mpira ukivuka neti bado unadaiwa deni lilelile: sakafu yao kwanza, kioo chao baadaye.

Kuna hali moja ya mpakani inayostahili kutajwa. Mpira ukitua hasa kwenye pembe, pale sakafu inapokutana na ukuta, ukagusa vyote viwili kwa pamoja, unahesabiwa kuwa mzuri. Mpira wa namna hiyo mara nyingi hauinuki kabisa, na anayeupokea hana la kufanya.

Ukuta ni wa nani?

Ili kuona sheria hii inafanya nini, linganisha na michezo miwili ya jirani. Katika tenisi hakuna ukuta: mpira ukikupita, umekupita. Katika skwoshi mpira ni lazima ufike kwenye ukuta wa mbele kabla ya kugusa sakafu, na wachezaji wote wawili hulenga ukuta huohuo. Ukuta wa skwoshi ni shabaha ya wote.

Padeli imepindua utaratibu huo. Ukuta wa mpinzani umekatazwa kuwa shabaha ya moja kwa moja. Unaweza kuufikia kupitia sakafuni tu, na kila mpira unaopitia sakafuni umeshapungua kasi kabla ya kufika ukutani. Ukifika, unarudishwa kuelekea kwa anayejilinda, ambaye ameona njia yake yote. Ndiyo maana nasema kwamba kioo cha nyuma ni mali ya anayejilinda. Kinampa nafasi ya pili ambayo tenisi haimpi.

Hesabu ndogo inalionyesha hili. Kanuni zinataka mpira ukiangushwa kutoka mita 2.54 kwenye sakafu ngumu, uinuke kati ya mita 1.35 na 1.45. Maana yake unabakiza takriban robo tatu ya kasi yake ya wima kila unapodunda. Tuchukulie, kwa makadirio, kwamba kioo nacho kinaurudishia mpira asilimia 70 ya kasi yake ya kwenda mbele, na tuache pembeni msokoto na upepo.

Mpira wa kwanza ni wa nguvu ya wastani. Unadunda mita 3 kabla ya kioo, ukiondoka sakafuni kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde kwenda mbele na mita 3 kwa sekunde kwenda juu. Unafika kiooni baada ya sekunde 0.4 hivi, ukiwa kimo cha sentimita 40 na umeshaanza kushuka. Unarudi na kudunda tena chini ya mita 1 kutoka kwenye kioo. Mlinzi anatakiwa awe amechuchumaa karibu kabisa na ukuta ili auokote. Ni mpira mgumu.

Mpira wa pili tuupe kasi ya mbele iliyo zaidi ya mara mbili, mita 15 kwa sekunde, mengine yote yabaki yalivyo. Huu unafika kiooni kwa sekunde 0.2, ukiwa bado unapanda, na unarudi kwa nguvu hadi mita 4 na zaidi kutoka ukutani kabla ya kudunda mara ya pili. Mlinzi aliyeacha mpira umpite anaukuta unamjia mbele yake, katika eneo la wazi, kama amepasiwa. Muda kati ya mdundo wa kwanza na wa pili ni uleule katika mipira yote miwili, kama sekunde 0.6, kwa sababu muda huo unategemea kasi ya kupanda na si ya kwenda mbele. Kilichobadilika ni mahali. Nguvu iliyoongezwa haikumnyima mlinzi muda, ilimletea mpira.

Mpira wa tatu ni lobi iliyoanguka kutoka mita 5 hivi na kudunda mita 1.5 kabla ya kioo, ikienda mbele polepole, mita 4 kwa sekunde. Inagonga kioo juu ya mita 2, bado ikipanda, na inadunda tena zaidi ya mita 3 kutoka ukutani. Tangu mdundo wa kwanza hadi wa pili ni karibu sekunde 1.5. Hapo mlinzi ana muda wa kugeuka, kujipanga na kuchagua. Lakini aliyeipiga lobi naye alikuwa na lengo lake: katika muda huo yeye na mwenzake wameshasogea mbele hadi kwenye neti, mahali ambapo pointi nyingi za padeli huamuliwa.

Kutokana na hesabu hizi tunaona kwa nini wachezaji wazuri huzuia mkono wao. Voli nzuri ya padeli hudunda ndani kabisa karibu na kona, kwa kasi ya kutosha tu kufika kiooni na kufa pale. Anayepiga kwa nguvu zake zote kutoka katikati ya uwanja hujikuta akimlisha mpinzani. Na anayevuka mpaka, akapiga kwa nguvu kiasi kwamba mpira unafika kiooni bila kudunda, anaadhibiwa papo hapo. Adhabu zote mbili, ile ya fizikia na ile ya kanuni, zinamkabili mtu yuleyule.

Sevisi: pale waya unapoua

Katika sevisi sheria inakaza zaidi. Mwanzishaji anasimama nyuma ya mstari wa sevisi, anaudundisha mpira sakafuni, kisha anaupiga ukiwa kwenye usawa wa kiuno au chini yake, kwenda kwenye kisanduku cha mshazari. Ana nafasi mbili. Mpira ukidunda ndani ya kisanduku kisha ukagonga kioo cha pembeni, sevisi ni nzuri. Ukidunda ndani ya kisanduku kisha ukagonga waya kabla ya mdundo wa pili, ni kosa. Kumbuka kwamba mchezo ukishaanza, mpira uliodunda kisha ukagonga waya uko hai. Katika sevisi hauko hai.

Sababu iko wazi ukifikiria tabia ya waya. Mpokeaji analazimika kuacha mpira udunde, hawezi kuuwahi hewani. Kama mwanzishaji angeruhusiwa kumpelekea mpira wenye kugonga waya, angemlazimisha kupokea kitu kisichotabirika kila mara, na kila gemu ingekuwa bahati nasibu.

Hapa vipimo vya uwanja vinaleta jambo ambalo wachezaji wengi hawajawahi kulipigia hesabu. Kioo cha pembeni kina urefu wa mita 4 kutoka kwenye kona, kwa hiyo kinaanzia mita 6 kutoka kwenye neti. Mstari wa sevisi uko mita 6.95. Maana yake ni kwamba pembeni mwa kisanduku cha sevisi, kioo kinachukua sentimita 95 za mwisho tu, sehemu nyingine yote ni waya. Sevisi inayodunda fupi ikaelekea pembeni mara nyingi huishia kwenye waya. Inayodunda ndani kabisa, karibu na mstari, itaishia kwenye kioo. Kwa hiyo mwanzishaji anayetaka kumsumbua mpokeaji kwa kioo cha pembeni hana budi kupiga kwa kina, na nafasi ya kukosea ni ndogo. Wachezaji wakubwa huukata mpira kwa raketi ili udunde karibu na mstari, uteleze kiooni na ushuke chini, mpokeaji aupige akiwa amebanwa kwenye kona.

Sevisi ikigusa neti kisha ikadunda ndani ya kisanduku, inarudiwa. Lakini ikigusa neti, ikadunda kisanduku, kisha ikagonga waya kabla ya mdundo wa pili, haina marudio, ni kosa.

Pointi moja, hatua kwa hatua

Tufuate pointi moja yenye mambo haya yote. Jozi ya kusini inaanzisha, jozi ya kaskazini inapokea.

Sevisi inadunda sentimita 20 ndani ya mstari na kugonga kioo cha pembeni. Ni halali. Mpokeaji wa kaskazini anausubiri utoke kiooni, anauinua kwa lobi juu ya vichwa vya wapinzani. Lobi inadunda kwenye kona ya kusini, inagonga kioo cha nyuma, inagusa kioo cha pembeni. Iko hai bado, kwa sababu ilianza na sakafu na haijadunda mara ya pili.

Mchezaji wa kusini amechelewa. Anaukuta mpira ukiwa umeshamzidi, yeye akiuelekea ukuta wake. Anaupiga kwenye kioo chake cha nyuma, mpira unaruka juu ya kichwa chake, unavuka neti. Ni halali, kwa kuwa alitumia kioo na si waya. Mpira unaenda juu na taratibu, na mchezaji wa kaskazini aliye kwenye neti anauona kama zawadi. Anaupiga smashi kwa nguvu zake zote.

Tuone miisho mitatu. Wa kwanza: smashi inadunda katikati ya uwanja wa kusini, inagonga kioo cha nyuma na kurudi kwa kasi hadi inavuka neti kuelekea kaskazini. Kama kusini hawakuugusa, pointi ni ya kaskazini. Kusini wangeweza kuukimbilia na kuupiga hata baada ya kuvuka neti, mradi wasiiguse neti wala uwanja wa wapinzani, lakini ni wachache wanaowahi. Wa pili: smashi inapaa kidogo, inagonga kioo cha nyuma cha kusini bila kudunda. Pointi ni ya kusini, ingawa hawakufanya chochote. Wa tatu: smashi inadunda, inagonga kioo kwa nguvu ya wastani na kutoka mita 4 mbele ya ukuta. Mchezaji wa kusini amesimama hapo, anaupiga chini kwenye miguu ya aliyepiga smashi, ambaye bado hajajipanga upya. Yeyote aliyekaa kwenye kiti cha watazamaji atakwambia kwamba mwisho huu wa tatu ndio unaotokea mara nyingi kuliko anavyotarajia mpiga smashi.

Kuna mwisho wa nne unaowasisimua watazamaji: mpira unadunda kisha unaruka nje kabisa, juu ya waya wa pembeni au juu ya ukuta wa nyuma. Ukitoka juu ya mita 4 za nyuma, kwa kawaida pointi imekwisha. Ukitoka pembeni, inategemea uwanja. Pale ambapo kuna nafasi ya usalama nje ya milango na kucheza nje kumeruhusiwa, mlinzi anaweza kukimbia kupitia mlangoni na kuurudisha mpira kabla haujadunda mara ya pili. Kanuni ni ileile: mdundo wa kwanza ulifungua muda, mdundo wa pili unaufunga, na kuta zilizoko kati yake hazihesabiwi.

Kwa nini watu hubishana

Mabishano makubwa kwenye viwanja visivyo na mwamuzi yanahusu mpira uliotua karibu sana na ukuta wa nyuma: ulianza sakafuni au kiooni? Mmoja anaapa ulikuwa mzuri, mwingine anaapa ulikuwa nje. Wote wawili huwa wakweli.

Chanzo cha tatizo kiko kwenye umbo la kona. Sakafu na kioo vimekutana kwa pembe mraba, na mpira unaogonga nyuso mbili za pembe mraba hutoka ukielekea upande uleule, iwe umeanza na hii au ile. Uliodunda kisha ukagonga kioo unatoka mbele na juu. Uliogonga kioo kisha ukadunda nao unatoka mbele na juu. Anayetazama mpira baada ya tukio, kama wafanyavyo wengi, hana ushahidi wowote, kwa sababu njia ya kutokea ni karibu ileile.

Ushahidi uko katika vitu viwili. Cha kwanza ni mlio. Sakafu ya nyasi bandia yenye mchanga hutoa mlio mzito uliofifia, kioo hutoa mlio mkali. Sikiliza upi ulitangulia. Cha pili ni kile mpira unachofanya kati ya migongano hiyo miwili. Ulioanza sakafuni unapanda kuelekea kioo, na mara nyingi unaonekana ukikwea kioo kidogo. Ulioanza kiooni unashuka kuelekea sakafuni, huku ukijitenga na ukuta. Mchezaji aliyejizoeza kutazama nafasi hiyo fupi, badala ya kuutazama mpira ukiwa unarudi, huona tofauti.

Anayeona vizuri zaidi kwa kawaida ni mlinzi aliye karibu na ukuta, naye ndiye anayenufaika mpira ukitangazwa mbovu. Ndiyo maana desturi ya haki kwenye michezo ya kirafiki ni kumwachia mlinzi atamke, na mlinzi asipokuwa na uhakika, pointi irudiwe. Desturi hii inasimama juu ya uaminifu, na jozi inayoivunja hukosa wapinzani upesi.

Kioo kikiharibika, sheria inaharibika

Sheria ya sakafu kwanza inategemea ahadi moja: kwamba kioo kitarudisha mpira kwa namna inayotabirika. Ahadi hiyo ikivunjika, nafasi ya pili ya mlinzi inakuwa bure.

Kioo kinachotumika hukazwa kwa joto, kwa kawaida kwa unene wa milimita 10 au 12, ili kikivunjika kimwagike vipande vidogo visivyo na ncha kali badala ya mapande ya kuua. Hufungwa bamba kwa bamba. Mahali pa kukagua ni kwenye maungio. Mabamba mawili yasipolingana, ukingo wa moja ukajitokeza mbele ya mwenzake hata kidogo, mpira unaougonga utaruka kando. Pitisha kiganja kwenye kila ungio kabla ya kucheza. Ukihisi ukingo, mafundi waliweka bamba vibaya au fremu imelegea. Skurubu zilizokazwa kupita kiasi nazo ni hatari, kwa sababu kioo cha namna hii huvumilia pigo la uso lakini hakivumilii kubanwa na chuma kwenye kingo zake.

Unyevu ni tatizo la pili, na kwa miji ya pwani si dogo. Jioni kioo kikiingia umande, mpira haukishiki tena. Unateleza na kushuka badala ya kurudi na msokoto wake, na mlinzi aliyezoea kuungoja mita 2 kutoka ukutani anaukuta umekufa miguuni pake. Dawa ni kufuta kioo kati ya gemu au kusogea karibu zaidi na ukuta. Joto la mchana nalo lina kazi yake: mpira wenye joto hudunda zaidi, smashi hutoka nje kirahisi, na mchezo unawaelemea wanaojilinda.

Mchanga wa sakafuni ni wa tatu. Upepo na nyayo huusukuma hadi kwenye kona, na ukirundikana pale mpira haudundi ipasavyo. Kona ndiko mipira muhimu huangukia, kwa hiyo uwanja usiopigwa brashi mara kwa mara unampa mshambuliaji zawadi asiyoistahili. Dondosha mpira kutoka kimo kimoja katikati ya uwanja na kwenye kona, ulinganishe. Tofauti ikionekana kwa macho, kona zinahitaji kazi.

Haya nayasema kwa sababu viwanja vinajengwa kwa kasi katika miji yetu, na mahali rahisi pa kupunguza gharama ni kwenye kuta: mabamba membamba, fremu nyepesi, au waya mahali ambapo panapaswa kuwa kioo. Mwekezaji hudhani amepunguza urembo. Kwa kweli amebadilisha sheria. Mahali palipo na waya badala ya kioo, mlinzi hawezi tena kuutumia ukuta wake kurudisha mpira, sevisi zilizopaswa kuwa nzuri zinakuwa kosa, na mipira iliyopaswa kutabirika inakuwa ya kubahatisha. Anayekwenda kukodi uwanja, au kuujenga, aanze kwa kukagua mita 3 za kioo cha nyuma na mita 4 za kila pembeni. Hapo ndipo padeli inapochezwa, na hapo ndipo mnyonge mwenye subira anapopata haki yake mbele ya mwenye nguvu.